Imeli ya mishahara imeenda kwa Patrick mwingine. Inaweza kurudishwa?

Mwana_Kamalondo, saa 4:05 asubuhi

Jambo kwenu wote. Niko Lubumbashi, kampuni ndogo inayochukua kazi za migodi, njia ya Kipushi. Mimi si fundi wa komputa, ila printa ikikwama ndimi ninayeitwa.

Leo dada wa kontabilite alikuwa anatuma mishahara ya mwezi kwa Patrick wa benki. Akaandika "Pat", Gmail ikamletea jina, akabonyeza. Kumbe ni Patrick mwenye malori, yule ambaye mkataba wake haukuendelezwa na aliondoka akinung'unika. Imeli iliondoka saa 3:12. Tumejua saa 3:50, benki walipopiga simu kuuliza mbona hawajapata kitu. Ndani kuna majina, mishahara na namba za akaunti za kila mtu.

Tunatumia Gmail ya kampuni, ile ya kulipia. Patron yuko Kolwezi, bado hajui. Natafuta kile kitufe cha "Annuler" na sikioni. Kimejificha wapi?

Papa_Golofu, saa 4:09

Mdogo wangu, mbona rahisi. Ingia kwenye "Messages envoyés" uifute hapo. Ikitoka kwako na kwake inatoka, maana wote mko Gmail.

Fundi_Katuba, saa 4:14

Papa Golofu, nakuheshimu, lakini hapana. Mwana Kamalondo, usifute kitu! Nakala iliyo kwenye "Messages envoyés" ni yenu, ya kwake iko kwenye sanduku lake. Mkifuta yenu mtabaki hamjui hata mlimtumia nini hasa, na leo hilo ndilo mtakalolihitaji kuliko yote.

Kuhusu kitufe: hakijajificha, kimekwisha. Watu wanadhani Gmail inakwenda kuichukua barua kule ilikofika. Haichukui. Ukibonyeza kutuma, Gmail inaishikilia kwanza sekunde chache, na "Annuler" inafanya kazi wakati bado imeshikiliwa. Kama hamjabadilisha kitu kwenye mipangilio ni sekunde 5, na hata mkibadilisha mwisho ni 30. Zikiisha, seva yenu inaikabidhi kwa seva ya mpokeaji, ile inajibu kwamba imepokea, basi. Hakuna amri yoyote katika utaratibu wa imeli inayosema "nirudishie". Wenyewe wa Google hawawezi kukufungulia hilo kwa kuwa umepiga simu ukilia.

Sasa nijibu maswali mawili. Kuna ujumbe wowote umerudi kutoka "Mail Delivery Subsystem"? Na kile alichotuma, kilikuwa faili lililoshikanishwa au kiungo cha Drive?

Mama_Ruashi, saa 4:16

Pole sana mwanangu. Miye vilevile ilinifikia, nilituma falanga ku namba ya mutu mwingine, nikapiga simu palepale ku serivisi ya bateja, bakazizuia mbele hajazitosha. Upige haraka! Wakizitosha haiwezekane tena.

Fundi_Katuba, saa 4:18

Mama, aksanti, lakini hii si pesa ya simu, ni barua. Kwenye pesa ya simu kuna kampuni moja katikati yenye pande zote mbili, ndiyo maana inaweza kuzuia. Hapa hakuna wa katikati. Ila neno lako la "haraka" analihitaji.

Volkano243, saa 4:21

Niko Goma, nafanya kazi kwenye shirika moja. Fundi anasema haiwezekani, lakini mimi nimeshafanya na ilifaulu. Unaenda "Éléments envoyés", unafungua imeli kwenye dirisha lake, "Fichier", "Informations", halafu "Rappeler ce message". Nilimtumia mwenzangu wa Bukavu bajeti ambayo haikuwa tayari, nikairudisha, ikaja ripoti kwamba imefaulu. Hakuiona kabisa.

Fundi_Katuba, saa 4:29

Volkano nakuamini, tena ulichofanya kipo kweli. Lakini angalia: wewe na mwenzako wa Bukavu mko kwenye shirika moja, mnatumia Outlook na masanduku yenu yote yako kwenye seva moja ya shirika lenu. Hapo imeli haikutoka nje ya nyumba, na mwenye nyumba anaweza kuingia chumba chochote. Ungemtumia mtu wa nje, isingerudi.

Tena kwa mtu wa nje inaweza kuharibu zaidi. Outlook ya zamani humpelekea ujumbe wa pili usemao kwamba fulani angependa kuirudisha imeli ile. Mtu ambaye hata hakuwa ameifungua, sasa anakwenda kuitafuta aone kuna nini.

Na hata ndani ya shirika ilikuwa bahati nasibu kwa miaka mingi, kwa sababu kazi ilifanywa na Outlook ya mpokeaji mwenyewe: iwe imefunguliwa kwenye mashini yake, na barua iwe haijasomwa. Akiisomea kwenye simu, umeshindwa. Tangu 2023 Microsoft wameihamishia kwenye seva zao kwa wale wa Microsoft 365, ndiyo maana sasa inafaulu mara nyingi, na hata iliyosomwa inaweza kuondolewa kama msimamizi wenu hakukataza. Lakini ukuta wa shirika uko palepale. Mwana Kamalondo wako Gmail, na Patrick hayuko nyumbani kwao.

Mwana_Kamalondo, saa 4:33

Hakuna ujumbe uliorudi. Nimefungua ile imeli. Kuna Excel imeshikanishwa, ndogo, kilobaiti 180. Chini yake kuna kitu chenye alama ya Drive, PDF ya megabaiti 38. Dada anasema hakuweka Drive yoyote, aliweka mafaili mawili kama kawaida.

Kwenye PDF kuna bulteni za malipo walizoskani, na nyuma ya kila moja kadi ya mpiga kura ya mfanyakazi.

Fundi_Katuba, saa 4:36

Hapo sasa. Kama hakuna kilichorudi, anwani ya Patrick iko hai, imeli imefika. Ingekuwa imekufa ungeona ujumbe wenye namba 550.

Lakini Gmail haishikanishi kitu kinachozidi megabaiti 25. Kikizidi inakipandisha yenyewe kwenye Drive na kuweka kiungo. Maana yake Excel imekwenda, isahau. PDF haijakwenda, iko kwenu bado. Yeye ana ufunguo wa mlango tu. Mkibadilisha kufuli, ufunguo wake haufungui. Fanya hivi sasa hivi kabla ya kumpigia mtu yeyote: dada aingie Drive yake, abonyeze faili kwa kitufe cha kulia, "Partager", aniambie anaona nini.

Mwana_Kamalondo, saa 4:41

Tayari alikuwa ameitupa kwenye "Corbeille" niliposoma. Na kwenye "Partager" jina la Patrick halimo, kuna la dada peke yake. Kwa hiyo tumepona?

Fundi_Katuba, saa 4:43

Hamjapona. Muitoe kwenye "Corbeille" kwanza. Faili likiwa kwenye pipa la taka la Drive bado wale mliowashirikisha wanaweza kulifungua, mpaka mlifute moja kwa moja.

Halafu usiangalie orodha ya majina, shuka chini yake kwenye "Accès général". Pameandikwa nini?

Mwana_Kamalondo, saa 4:46

"Tous les utilisateurs disposant du lien."

Dada anakumbuka sasa: alipotuma, kilitokea kidirisha kinauliza habari ya ruhusa, akabonyeza "Envoyer" bila kusoma.

Fundi_Katuba, saa 4:47

Kila mtu anabonyeza hivyo. Jina lake halikuwepo kwa sababu halikuhitajika: yeyote mwenye kiungo anaingia, na akikituma kwa mwingine, huyo naye anaingia. Badilisha iwe "Limité". Halafu chukua kiungo chenyewe kutoka kwenye imeli, kifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia akaunti yoyote. Mkiombwa kuingia au kuomba ruhusa, mlango umefungwa.

Mwana_Kamalondo, saa 4:52

Imefungwa. Nimejaribu na kwenye simu yangu, inaniambia niombe ruhusa.

Tunaweza kujua kama aliifungua kabla?

Fundi_Katuba, saa 4:58

Dada kwenye Drive yake hataona. Anayesimamia akaunti za kampuni anaweza kutazama kwenye admin.google.com, sehemu ya ripoti, kumbukumbu za Drive, atafute jina la faili lile. Inategemea mnalipia aina gani. Ila mtu aliyepita kwa kiungo cha wote anaweza kuonekana hana jina. Mtaona kwamba kuna aliyefungua saa fulani, si lazima muone kwamba ni Patrick. Na kama alipakua, nakala yake iko kwenye simu yake, kufunga mlango hakumgusi.

Excel ndiyo sijui kabisa kama kaisoma, na hamtajua. Msidanganywe na vile vitu vya kuweka kapicha kasikoonekana ili kujua nani kafungua. Vinawekwa kabla ya kutuma, na Gmail hupitisha picha kwenye seva zake, majibu yanachanganya.

Kivu_Bahari, saa 5:02

Bukavu hapa. Nataka kuongeza kitu ambacho kimenisaidia zaidi ya hiyo "Annuler". Rezo yetu ikiwa nzito, imeli ya simu inakaa muda kwenye foleni, imeandikwa "En file d'attente". Nikishtuka nakata data palepale, naifuta ikiwa bado ipo, ndipo narudisha data. Rezo mbaya ina faida yake mara moja moja!

Fundi_Katuba, saa 5:05

Kweli kabisa, na kwenye Outlook ya mashini ni hivyohivyo: "Travailler hors connexion", halafu unaikuta kwenye "Boîte d'envoi". Ila mtu anayetuma kwa kivinjari asitegemee hilo. Kule faili linapanda wakati unaliweka, kabla hujabonyeza kutuma, kwa hiyo ukibonyeza kinachobaki ni kidogo na kinaenda upesi hata kwa rezo ya Kivu. Na ukikata mtandao wakati huo unaweza kujinyima "Annuler" yenyewe, maana nayo inahitaji mtandao.

Mwana_Kamalondo, saa 5:08

Sasa Patrick. Nimpigie au ninyamaze? Dada anasema tunyamaze, huenda hafungui imeli zetu tena.

Papa_Golofu, saa 5:11

Nyamazeni. Mtu mwenye kinyongo ukimwambia "usiangalie", umempa kazi ya kufanya.

Volkano243, saa 5:13

Mimi pia nasema mnyamaze. Amewaacha, imeli za kampuni iliyomwacha atazifungua kwa nini?

Fundi_Katuba, saa 5:20

Kichwa cha imeli kilisemaje? Kama kiliandikwa "Facture" labda ningekubaliana nanyi. Lakini kama kimeandikwa mishahara, hakuna mwenye malori atakayekipita.

Mimi ningepiga. Simu, si imeli ya pili, kwa sababu imeli ya pili inakaa juu kabisa ya sanduku na kuivuta ile ya kwanza. Na apige mtu ambaye hakugombana naye. Aseme machache: papa Patrick, asubuhi tumekutumia kwa kukosea barua isiyo yako, tunaomba uifute bila kuifungua, na uifute pia kwenye "Corbeille". Asieleze kilichomo, asitishe, asitaje sheria. Hiyo "Corbeille" lazima itajwe, kwa sababu Gmail huiweka barua humo siku 30 kabla ya kuiondoa yenyewe. Na kama anasomea kwenye mashini ya ofisini na kwenye simu, aulizwe zote mbili.

Halafu, baada ya simu, ndipo mumwandikie mistari miwili ya kukumbusha mlichokubaliana, ili kuwe na maandishi. Hapo ataona imeli mpya, sawa, lakini tayari anajua.

Mwana_Kamalondo, saa 5:22

Kichwa: "PAIE". Kwa herufi kubwa.

Papa_Golofu, saa 5:23

Ay. Pigeni.

Mwana_Kamalondo, saa 7:40

Mtu wa magari ndiye aliyepiga, wao bado wanaelewana. Patrick alicheka. Anasema aliiona ikiingia, akadhani wanamlipa deni lake, akaifungua imeli lakini si mafaili. Amefuta, ametuma picha ya skrini, "Corbeille" tupu.

Patron ameambiwa. Amepiga kelele, halafu akauliza kama tumefunga "ile ya kadi". Nilimwambia ndiyo.

Volkano243, saa 7:44

Picha ya skrini haithibitishi kitu. Angeweza kujitumia kwanza, kisha akafuta, kisha akapiga picha.

Fundi_Katuba, saa 7:52

Ni kweli, na hakuna ushahidi wowote atakaowapa usiokuwa na tundu hilo. Kwa hiyo fanyeni kazi mkihesabu kwamba Excel imesomwa. Mtu mwenye jina na namba ya akaunti peke yake hawezi kutoa pesa benki. Akiwa na jina, akaunti na sura ya kadi ya mpiga kura, anaweza kujaribu kujifanya mwenyewe, kwenye benki au kwa wakala wa laini za simu. Ndiyo maana nilikimbilia PDF kwanza. Patrick wa benki aambiwe leo kwa maandishi, ili ombi lolote la ajabu kwenye akaunti hizo lithibitishwe na mwenye akaunti uso kwa uso.

Papa_Golofu, saa 7:55

Lakini wafanyakazi msiwaambie. Wakisikia kuna karatasi ya mishahara inazunguka mjini, kila mmoja atataka kujua mwenzake anapata ngapi. Nimeona kiwanda kikisimama kwa jambo kama hilo.

Fundi_Katuba, saa 8:01

Hapo tutatofautiana, papa. Kadi ni zao. Kama kesho mtu atasajili laini kwa jina la mmoja wao, ni yeye atakayeitwa. Tuna Code du numérique tangu Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu nzima ya data za watu. Patron amuulize avoka wake inamtaka afanye nini na kwa nani. Mimi ni fundi, sitajifanya avoka.

Mwana_Kamalondo, saa 8:06

Patron anasubiri kumbukumbu za Drive kabla ya kuamua. Anayesimamia akaunti ni kijana mmoja wa nje, hashiki simu tangu asubuhi.

Mwezi ujao tufanyeje? Dada hataki kugusa imeli tena.

Fundi_Katuba, saa 8:19

Kwanza ongezeni zile sekunde. Kwenye kivinjari: gurudumu la mipangilio, "Voir tous les paramètres", "Général", "Annuler l'envoi", weka 30, na ushuke mpaka chini ubonyeze "Enregistrer les modifications", wengi wanasahau hapo na inabaki 5. Lakini sekunde 30 zinamsaidia anayeshtuka mwenyewe. Dada alishtuliwa na benki baada ya dakika 38.

Kwa hiyo imeli ya mishahara isitumwe kwa "Envoyer". Bonyeza kamshale kando yake, "Programmer l'envoi", mpange saa moja mbele. Inakaa kwenye folda ya "Programmés", mtu wa pili anakuja kuisoma anwani yote, herufi kwa herufi, si jina tu. Ikiwa si sawa mnaisimamisha, inarudi kuwa rasimu. Mwenye Outlook ya mashini anaweza kuweka kanuni ya kuchelewesha kila anachotuma, hadi dakika 120, ila Outlook ibaki wazi. Umeme ukikatika na mashini ikazimika, haitoki mpaka uwashe tena.

Lakini kitu ambacho kingefanya leo tusiwe hapa ni nenosiri kwenye Excel yenyewe. "Fichier", "Informations", "Protéger le classeur", "Chiffrer avec mot de passe". Nenosiri linasomwa kwa simu kwa Patrick wa benki. Isiwe ile ya "Protéger la feuille", ile inazuia kubadilisha tu, kusoma mtu anasoma kama kawaida. Na kuficha safu ya mishahara si ulinzi. Ni kubonyeza mara mbili na inarudi. PDF ya kadi iende kwa Drive makusudi, kwa anwani ya benki peke yake, "Limité", na ifungwe baada ya wiki.

Kivu_Bahari, saa 8:24

Wakisahau nenosiri?

Fundi_Katuba, saa 8:25

Hamuifungui tena, hata mimi sitaifungua. Mbaki na Excel ya asili mahali pengine.

Mwana_Kamalondo, saa 8:41

Nimeweka 30. Nimeandika "Pat" kwa kujaribu, Patrick wa malori bado anatokea wa kwanza, juu ya yule wa benki.

Fundi_Katuba, saa 8:44

Nenda contacts.google.com ukiwa kwenye akaunti ya dada, fungua "Autres contacts". Gmail hujiwekea humo kila mtu uliyewahi kumwandikia. Mfute hapo. Akiwa pia kwenye "Contacts" za kawaida, mfute na huko, la sivyo atarudi.

Volkano243, saa 8:47

Na kwa Outlook? Nina Espérance wawili.

Fundi_Katuba, saa 8:49

Anza kuandika jina, lisubiri litokee, kando yake kuna alama ya X. Bonyeza X, si jina.